Kulodi kila risasi inapokosa: kinachopotea ndani ya XCOM, na namna ya kusevu bila kukipoteza

*Habari kaka. Nacheza XCOM: Enemy Unknown kwenye kompyuta, ngazi ya Classic. Huwa nasevu kabla ya kila risasi. Ikikosa, au askari wangu akifa, nalodi. Nimegundua kwamba risasi ileile nikiirudia inakosa tena, ila nikianza na askari mwingine inapata. Rafiki yangu anasema huo ni wizi, niwashe Ironman, inayomzuia mtu kurudi nyuma, basi. Lakini kwetu umeme unakatika hovyo, na muda wangu wa kucheza ni usiku tu baada ya kazi. Je, kulodi hivi kunaniharibia gemu kweli? Na nisevu vipi?*

Nzuri, ndugu yangu. Nianzie kwenye hicho ulichokigundua mwenyewe, maana ndicho kinachofungua mambo mengine yote.

Kompyuta hairushi dadu. Inachukua namba moja ya kuanzia, ambayo watengenezaji huiita mbegu, na kutoka kwenye mbegu hiyo inakokotoa mfululizo mrefu wa namba zinazoonekana kana kwamba hazina mpangilio. Mbegu ikiwa ileile, mfululizo unatoka uleule, namba kwa namba. Kampuni ya Firaxis walipotoa XCOM: Enemy Unknown mwaka 2012, gemu ya zamu ambamo unaongoza askari dhidi ya wavamizi kutoka angani, waliamua kwamba hali ya mfululizo huo ihifadhiwe pamoja na sevu yako. Kwa hiyo ukilodi, unarudi uwanjani na namba zinazokusubiri ni zilezile. Ndiyo maana risasi iliyokosa inakosa tena hata uirudie mpaka alfajiri.

Sasa tuone kwa nini kubadilisha askari kunageuza matokeo. Tuseme namba zinazofuata kwenye foleni ni 82, 40 na 13, na risasi inapata iwapo namba iliyotoka haizidi asilimia unayoonyeshwa kwenye skrini. Juma ana nafasi ya asilimia 65. Anapiga, anachukua 82, anakosa. Unalodi. Safari hii unamtanguliza Neema, ambaye yuko karibu na adui na ana asilimia 90. Yeye ndiye anayechukua ile 82, na kwake 82 inatosha. Juma anafuata, anachukua 40, naye anapata. Ndani ya gemu mambo yana vipande zaidi, kwa kuwa kiasi cha madhara nacho hutolewa kwa namba za nasibu, lakini kanuni ni hiyo: hukubadilisha bahati, umebadilisha nani anakutana na namba ipi.

Mchezaji anayelodi sana huishia kuwa fundi wa jambo hili. Anajua namba inayofuata ni mbaya, basi anatafuta askari mwenye risasi isiyo na maana, yenye asilimia 20 hivi, aitumie kuimeza ile namba mbaya, kisha wenye risasi za maana wafuate. Ni ustadi, sikatai. Ila angalia swali unalojiuliza kila zamu limegeuka kuwa lipi. XCOM inataka ujiulize, "Risasi hii ikikosa, askari wangu atakuwa amesimama wapi?" Wewe umefika mahali unajiuliza, "Nani ameze 82?" Swali la kwanza lina majibu mengi, na kila jibu lina gharama yake. La pili ni kupanga foleni tu.

Ukiwa na Enemy Within, ule upanuzi wa Novemba 2013, kwenye orodha ya machaguo ya ziada iitwayo Second Wave utakuta chaguo linaloitwa Save Scum. Ukiliwasha, mbegu inabadilika kila unapolodi, kwa hiyo kila marudio ni bahati mpya. Watengenezaji wenyewe wameweka mlango huo wazi kwa anayeutaka, na hawakumtukana mtu. Lakini fanya hesabu kabla ya kuingia. Risasi ya asilimia 65 ukijiruhusu kuirudia mara moja, nafasi ya kukosa zote mbili ni 0.35 mara 0.35, yaani takriban asilimia 12. Ukijiruhusu kuirudia mara mbili, nafasi ya kukosa zote tatu ni kama asilimia 4. Kwa hiyo ile 65 unayoiona kwenye skrini kwako ni 96. Kuanzia hapo namba zinazoandikwa juu ya vichwa vya maadui hazikuambii chochote, na gemu nzima imejengwa juu ya namba hizo.

Kuhusu neno la rafiki yako, mimi silikubali. Unacheza peke yako, hakuna aliyekaa upande wa pili akaibiwa ushindi. La kuuliza ni sehemu gani ya gemu uliyoinunua unaitupa bila kuiona, na hapo kwa XCOM hasa jibu langu ni kwamba unatupa karibu nusu.

Gemu hii ina uwanja wa mapambano, halafu ina kambi chini ya ardhi. Kambi ile haikutengenezwa kwa ajili ya mtu anayeshinda kila siku. Kuna zahanati ambamo askari aliyejeruhiwa hulala siku kadhaa, na siku hizo hawezi kwenda vitani, hivyo unalazimika kumpeleka mwingine ambaye hukuwa umemzoea. Kuna ukuta wa kumbukumbu wenye majina ya waliokufa na idadi ya maadui waliowaua. Kwenye chuo cha maofisa kuna mafunzo yaitwayo New Guy, yanayofanya kila askari unayemwajiri aingie akiwa tayari amepanda cheo cha kwanza. Nani atalipia mafunzo hayo kama hakuna askari wake anayekufa? Anayelodi kila kifo huyaona yamekaa pale kama mapambo, na huishia kudhani watengenezaji waliyaweka bila kufikiri.

Ukienda juu zaidi ya kambi kuna nchi 16 zinazokufadhili. Maadui wanapoteka watu, mara nyingi unapewa maeneo matatu kwa wakati mmoja na unaruhusiwa kwenda moja tu. Kule usikokwenda taharuki inapanda. Taharuki ya nchi ikifika ngazi ya 5 na mwezi ukaisha hivyo, nchi hiyo inaweza kujitoa. Zikijitoa 8, umeshindwa. Sasa tazama hesabu hiyo inavyokupa nafasi. Unaweza kupoteza nchi moja, mbili, hata tano, na bado ukaukomboa ulimwengu. Misheni iliyokwenda vibaya ni jeraha, na gemu imekupa dawa zake: unarusha satelaiti juu ya nchi yenye hofu, taharuki inashuka, unaajiri askari wapya, unaendelea. Nimeona watu wengi wakilodi misheni ambayo kwa mizani ya kampeni nzima wala haikuwa msiba. Walikuwa hawajawahi kuuona upande wa pili wa kushindwa, hivyo kila kushindwa kulionekana kwao ni mwisho.

Hapa ndipo madhara makubwa yanapojificha, kwa sababu hayaji siku ile unayolodi. Yanakuja miezi kadhaa baadaye ndani ya kampeni. Ukilodi kila askari anapokufa au kuumia, unabaki na watu sita walewale. Wanapanda vyeo pamoja, wanavaa silaha bora zote, na kambini nyuma yao hakuna mtu. Kisha inakuja misheni ngumu na mmoja wao anakufa. Mbadala wake ni askari mpya mwenye shabaha ya 65, asiye na ujuzi wowote, anayeingia kwenye vita vya watu wenye cheo cha Colonel. Hapo kulodi si hiari tena, ni lazima. Kampeni yako haiwezi kuendelea bila yule aliyekufa. Tabia ya kulodi ndiyo iliyokufikisha mahali ambapo usipolodi unashindwa. Anayeacha watu waumie na wafe huwa kufikia katikati ya kampeni ana kumi au kumi na wawili wanaojua kazi, na kifo cha mmoja kinamuuma bila kumwangusha.

Ukitaka kujua kama wewe tayari umefika huko, fungua orodha ya askari wako kambini. Kama kuna sita wenye vyeo vikubwa na waliobaki wote ni Rookie, yaani askari wapya kabisa, jibu unalo.

Sasa niingie uwanjani, maana najua utasema, "Sawa, lakini risasi ya asilimia 80 inapokosa si haki." Sid Meier, mwanzilishi mwenza wa Firaxis, alizungumzia jambo hili mbele ya watengenezaji wenzake San Francisco mwaka 2010. Alieleza kwamba wachezaji waliojaribu gemu yake walipopewa nafasi ya tatu kwa moja wakashindwa, walihisi wamedhulumiwa; kwao tatu kwa moja ilikuwa na maana ya ushindi wa hakika. Asilimia 80 maana yake risasi moja katika kila tano inakosa. Misheni moja inaweza kuwa na risasi 25, kwa hiyo tarajia risasi tano hivi za namna hiyo zikose, na hujaonewa. Firaxis waliijua hasira hii vizuri kiasi kwamba katika XCOM 2 ya mwaka 2016, kwenye ngazi za chini za ugumu, hesabu ya ndani inampendelea mchezaji kuliko asilimia inayoonyeshwa. Yaani pale gemu inapodanganya, inadanganya kwa faida yako.

Tofauti kati ya mchezaji anayelodi na asiyelodi huonekana kabla risasi haijatoka. Chukua mwanzo wa kampeni. Una askari wanne wapya, shabaha ya kila mmoja 65. Mbele yenu kuna maadui wawili wa aina ya Sectoid. Wa kwanza kajificha nyuma ya ukuta mfupi, ambao ni kinga nusu na unampunguzia mpigaji 20. Wa pili yuko nyuma ya nguzo, kinga kamili, inayopunguza 40. Kwa umbali wa wastani, basi, una asilimia 45 kwa huyu na 25 kwa yule.

Mwenye mazoea ya kulodi anapiga 45. Ikikosa analodi, anapanga foleni upya, na baada ya muda wote wawili wamelala. Ameshinda zamu, ila hajajifunza kwamba zamu ile ilikuwa mbaya tangu mwanzo.

Asiyelodi anaitazama 45 na kuikataa. Ana guruneti. Guruneti haikosi, inatoa madhara 3, na kwenye ngazi ya Normal, Sectoid ana uhai wa 3 tu. Anaitumia kwa yule wa kwanza, na huyo ameisha bila kutegemea bahati. Gharama ipo: adui aliyeuawa kwa mlipuko haachi vipande vya silaha, na vipande hivyo unavihitaji kambini kwa utafiti. Kwa yule wa pili hapigi kabisa. Anawarudisha watatu waliobaki nyuma ya kinga kamili na kuwaweka kwenye Overwatch, ili adui akitoka kusogea apigwe njiani. Au, kama ubavu uko wazi na ardhi ya upande ule tayari imeonekana, anampeleka mmoja akampige kutoka pembeni ambako ile nguzo haimkingi: ile 25 inasahaulika, shabaha inarudi 65 na kuongezeka kwa ukaribu, na uwezekano wa pigo la hatari unapanda sana. Wawili wakipiga kutoka ubavuni kwa 65 kila mmoja, nafasi ya angalau mmoja kupata ni karibu asilimia 88.

Hicho ndicho kitu ambacho kulodi kunakunyima ukijue. Anayejua kwamba kukosa kutabaki kukosa huanza kutafuta njia zisizokosa au zinazokosa mara chache, na gemu hii imejaa njia hizo: guruneti, roketi za kubomoa ukuta adui aliojificha nyuma yake, ubavu, na hata kuamua kutopiga. Na anapolazimika kupiga risasi ya 45, anahakikisha mpigaji mwenyewe yuko nyuma ya kinga kamili kabla hajabofya. Anayelodi hupiga akiwa amesimama wazi, kwa sababu kwake risasi haikosi.

Nimeandika "ardhi tayari imeonekana" kwa makusudi, kwa sababu kuna faida moja ya kulodi ambayo mbegu haiwezi kuizuia. Maadui wa XCOM hukaa kwa makundi ya wawili au watatu, wakikusubiri gizani. Ukiliona kundi, nalo limekuona, na wanapewa hatua ya bure ya kukimbilia kinga. Kosa linaloua wanajeshi wengi zaidi kuliko risasi iliyokosa ni kusogeza askari wa mwisho wa zamu, ambaye hana tena hatua iliyobaki, akaliamsha kundi jipya huku wenzake wote wameshamaliza zamu zao. Fundisho la gemu ni kwamba usogee polepole, askari wa kwanza afungue njia huku wengine wakiwa bado na hatua za kumsaidia, na wa mwisho akanyage pale tu penye macho ya mwenzake. Sasa wewe ukiamsha kundi vibaya kisha ukalodi, mfululizo wa namba umerudi ulivyokuwa, lakini kichwa chako hakikurudi. Unajua nyuma ya lile lori kuna watatu. Utawaandalia mtego. Elimu hiyo ni nzito kuliko risasi kumi zilizorudiwa, na inakufundisha ramani ile moja tu. Misheni inayofuata, kundi lingine, unaamsha tena vilevile.

Si kila kulodi ni kwa namna hii, na hapa mimi sina ukali hata kidogo. Ukiwa ndani ya chombo cha anga chenye ghorofa, kipanya kinaweza kuruka kutoka sakafu ya chini hadi paa, nawe umebofya askari aende chumba cha chini, yeye akapanda juu na kusimama bila kinga mbele ya maadui. Hukuamua jambo hilo. Lodi, na usijisikie vibaya. Adui akitokea ghafla katikati ya watu wako bila kutembea, hitilafu ambayo Enemy Unknown ilijulikana nayo sana, lodi pia. Na kama unataka kujaribu kitu ili ukielewe, kwa mfano roketi inabomoa kuta za aina gani, weka sevu pembeni, jaribu mpaka uridhike, kisha rudi kwenye sevu ile na ucheze kwa uamuzi wako wa kweli. Mtu anayejifunza bao hurudisha kete akamuuliza mwalimu, na hakuna anayemlaumu. Mechi ikianza, kete iliyopandwa imepandwa.

Wapo watengenezaji walioamua kugawa marudio kwa kipimo badala ya kuyaacha bila kikomo. Fire Emblem, ambayo nayo askari akifa amekufa, tangu Echoes ya mwaka 2017 imempa mchezaji uwezo wa kurudisha muda nyuma kwa idadi maalumu ya mara katika pambano moja, na Three Houses ya mwaka 2019 ikaendeleza vivyo hivyo. Ukiwa na idadi maalumu ya marudio, unajiuliza kabla ya kutumia: kosa hili linastahili? Naupenda mpango huo, na ndio uliozaa ushauri ninaokupa chini. Kwa wanaonisoma wanaocheza Football Manager, jueni kuwa hapo hakuna mbegu ya kuwazuia: mechi uliyofungwa ukiilodi kwa kawaida inatoka vingine. Kinachopotea pale ni historia ya klabu yako, kwa sababu msimu usio na kipigo hata kimoja cha aibu hauna cha kusimulia.

Basi, Ironman. Ironman inakupa faili moja tu, gemu inaliandika yenyewe kadiri unavyoendelea, na huwezi kurudi nyuma. Kwa mchezaji ambaye kila akijiwekea sheria anaivunja, ni msaada mkubwa. Kwako wewe, kwa sasa, siishauri. Sababu ya kwanza ni umeme wako. Faili likiwa linaandikwa na umeme ukakatika sekunde hiyohiyo, linaweza kuharibika, na kampeni yote ilikuwa ndani ya faili hilo. Sababu ya pili ni zile hitilafu nilizozitaja: ndani ya Ironman, hitilafu inayokwamisha zamu inaweza kukwamisha kampeni. Ukiamua kuicheza siku moja, nakili folda hii mahali pengine kila unapomaliza misheni:

```
Documents\My Games\XCOM - Enemy Unknown\XComGame\SaveData
```

Nakala hiyo ni ya kuokolea faili lililoharibika tu. Ukianza kuitumia kufufua askari, umerudi ulikotoka kwa njia ndefu zaidi.

Ninachokushauri wewe ni kuzitenganisha kazi za sevu, kwa sababu sasa unazichanganya. Otosevu ni ya kukulinda na umeme na kompyuta kuganda. Iache ikiwa imewashwa na usiifikirie. Ila usiitegemee peke yake, maana hujiandika bila kujali uko katika hali gani. Inaweza kukuhifadhi zamu ambayo askari wako tayari yuko wazi na kundi limeshaamka, na ukawa huna pengine pa kurudi. Sevu ya mkono ni ya kambini. Kabla ya kupanda ndege kwenda kila misheni, sevu kwa jina jipya, ukizungusha majina matatu: ya kwanza, ya pili, ya tatu, kisha urudi kuandika juu ya ile ya kwanza. Ukifanya hivyo, hata faili moja likiharibika au ukigundua tatizo baada ya misheni mbili, una pa kushika.

Katikati ya misheni, sevu pale tu unapotaka kuzima kompyuta ukalale, au ukiona taa zinaanza kucheza. Isevu mwanzoni mwa zamu yako, kabla hujasogeza mtu. Na ukirudi kesho yake, ukishailodi, ifute.

Kisha jiwekee sheria ya kulodi kabla ya misheni, wakati hasira haijaja. Sheria ninayoipendekeza ni hii: kubofya kimakosa na hitilafu ya gemu, lodi bila kuhesabu. Risasi iliyokosa, usilodi kamwe. Askari aliyekufa, usilodi. Kikosi kizima kikifa na ukaona kampeni imevunjika kweli, unaruhusiwa kurudi kwenye sevu ya kambini na kuianza misheni upya tangu mwanzo. Wachezaji wa XCOM huita mtindo wa namna hiyo Bronzeman. Una udhaifu wake, kwa kuwa utarudi ukijua makundi yamelala wapi, kwa hiyo nakuomba uutumie mara chache mno, na ukiweza chagua eneo lingine kati ya yale matatu badala ya kurudia lilelile.

Na shusha ngazi. Najua Classic inakupa fahari, lakini Normal bila kulodi ni ngumu zaidi na ina mengi ya kufundisha kuliko Classic unayoilodi kila risasi. Kwenye Classic maadui wana shabaha kali zaidi, na ngazi ile imepimwa kwa mtu ambaye tayari anajua kukataa risasi ya 45. Wewe hujawahi kulazimika kuikataa. Cheza miezi ya mwanzo ya kampeni mpya kwenye Normal, peleka angalau Rookie mmoja kwenye kila misheni nyepesi ili nyuma ya wale sita pawe na watu, na uache wafe wanaokufa. Ukifika mahali misheni imekuumiza, ukafungua orodha ya askari na ukaona bado unaweza kupanga kikosi kingine cha watu sita wanaojua kazi, hapo rudi Classic.

Kuhusu muda wako wa usiku: usianze misheni kama umebakiza nusu saa. Tumia nusu saa hiyo kambini, kwenye utafiti, satelaiti na chuo cha maofisa, kwa sababu kulodi kwingi kunatokana na haraka ya mtu aliyechoka anayetaka kumaliza kabla ya kulala.